VE.Direct au Modbus: kuchagua njia ya kusoma kontrola ya sola na kuonyesha hali ya betri kwenye dashibodi

Kontrola nyingi za sola zina tundu dogo la mawasiliano ambalo wenye mfumo hawaligusi kamwe. Ndani yake zinapita namba zile zile za kioo cha kontrola, na nyingine ambazo kioo hakizionyeshi. Ukizisoma na kuzihifadhi, utajua betri ilifikia volti ngapi saa kumi alfajiri, na kama paneli zilichaji kweli mchana au anga ilionekana angavu tu.

Matundu haya hayafanani, na tofauti kubwa si umbo la plagi. Kontrola moja husema yenyewe kila sekunde, uwepo usiwepo. Nyingine hukaa kimya mpaka iulizwe. Hapa tunalinganisha aina hizo mbili kwa mifano inayopatikana kwa wingi: kontrola za Victron zenye tundu la VE.Direct, na za EPEver Tracer zinazotumia Modbus, lugha ya kuuliza na kujibu, juu ya nyaya za RS-485. Baada ya hapo tunaangalia kifaa cha kusomea, yaani chipu ya ESP32 au kompyuta ndogo kama Raspberry Pi, kisha swali ambalo wengi hulifikia wakiwa wamechelewa: namba ya betri unayoiweka kwenye dashibodi inatoka wapi hasa?

Inayosema yenyewe: VE.Direct

Tundu la VE.Direct lina pini nne: hasi, pini ya kupokea, pini ya kutuma na pini ya umeme. Kontrola hutuma maandishi ya kawaida kwa kasi ya 19200, kila baada ya sekunde moja hivi. Kila mstari una jina la kipimo, nafasi ya tabu, kisha thamani. `V` ni volti za betri kwa milivolti, `I` ni mkondo kwa miliampea, `VPV` ni volti za paneli, `PPV` ni wati za paneli, na `CS` ni hatua ya kuchaji, ambapo 3 ni chaji kamili ya mwanzo, 4 ni hatua ya kushikilia volti na 5 ni ya kutunza betri iliyojaa. `H20` ni umeme uliovunwa leo, kila uniti ikiwa sehemu ya mia ya kilowati-saa.

Uzuri wake ni kwamba huhitaji kutuma chochote. Waya mbili, hasi na kutuma, zinatosha. Usipounganisha pini ya kupokea, hakuna kosa lolote la programu linaloweza kubadilisha mpangilio wa kontrola. Kwa mfumo unaotegemewa na watu, faida hiyo ina uzito kuliko inavyoonekana.

Shida iko mwisho wa kila kifurushi cha data. Mstari wa mwisho ni `Checksum`, na baada ya tabu inafuata baiti moja inayofanya jumla ya baiti zote za kifurushi igawanyike kwa 256 bila kubaki kitu. Baiti hiyo inaweza kuwa na thamani yoyote, hata ile ya alama ya mstari mpya. Programu inayosoma mstari kwa mstari hufanya kazi vizuri kwa dakika kadhaa, kisha inakutana na baiti ya namna hiyo na kuharibu kifurushi kizima. Ndiyo maana wengi hulalamika kwamba data inakatika bila mpangilio. Dawa ni kusoma baiti moja moja:

```python
import serial

porti = serial.Serial("/dev/ttyUSB0", 19200, timeout=3)
kifurushi = b""
while True:
    kifurushi += porti.read(1)
    i = kifurushi.find(b"Checksum\t")
    if i >= 0 and len(kifurushi) == i + 10:
        if sum(kifurushi) % 256 == 0:
            mistari = kifurushi[:i].decode("ascii").split("\r\n")
            data = dict(m.split("\t") for m in mistari if "\t" in m)
            if "V" in data:
                print(int(data["V"]) / 1000, int(data["I"]) / 1000)
        kifurushi = b""
```

Kifurushi cha kwanza karibu kila mara hukataliwa, kwa sababu umeanza kusikiliza katikati ya maneno. Hilo si kosa. Na sharti la `if "V" in data` lina sababu yake: vifaa vingine, hasa shanti za kupimia betri, hugawa taarifa zao katika vifurushi viwili, na cha pili hakina volti kabisa.

Kabla ya kuunganisha waya moja kwa moja kwenye ESP32, chukua maltimita na upime volti kati ya hasi na pini ya kutuma. Laini hii hukaa juu wakati haitumi kitu, kwa hiyo utasoma takriban 3.3 au takriban 5, kutegemea modeli. Ikiwa ni 5, pini ya ESP32 haivumilii. Weka kigawanya volti cha rezista ya kiloomu 10 upande wa kontrola na kiloomu 20 kwenda hasi, upate 3.33. Ikiwa ni 3.3, usiweke kigawanya hicho "kwa usalama tu". Kitashusha volti hadi 2.2, na ESP32 inahitaji karibu 2.5 ili itambue kwamba laini iko juu. Utapata ukimya au takataka, na utadhani kontrola ndiyo mbovu.

Inayosubiri kuulizwa: Modbus juu ya RS-485

Tracer za EPEver zina tundu la RJ45, lile lile la kebo ya intaneti, na hapo ndipo hatari ya kwanza. Pini 1 na 2 hubeba umeme wa kuendeshea kioo cha mbali. Ukiichomeka kwenye swichi ya mtandao kwa sababu kebo imeingia, unaweza kuunguza kitu. Pini 3 na 4 ni laini B, 5 na 6 ni laini A, 7 na 8 ni hasi. Unahitaji A, B na hasi tu. Pini 1 na 2 ziache wazi na uzifunge kwa utepe.

Mawasiliano huenda kwa kasi ya 115200, na namba ya kifaa kwa kawaida ni 1. Kila kipimo kiko kwenye rejista yake, na unaisoma kwa kazi namba 4 ya Modbus:

```python
import minimalmodbus

k = minimalmodbus.Instrument("/dev/ttyUSB0", 1)
k.serial.baudrate = 115200
k.serial.timeout = 0.5

volti = k.read_register(0x3104, 2, 4)
ampea = k.read_register(0x3105, 2, 4)
chini, juu = k.read_registers(0x3106, 2, 4)
wati = (juu * 65536 + chini) / 100
```

Ukisoma 2688 kwenye `0x3104`, ni volti 26.88. Wati zimekaa kwenye rejista mbili, ya chini kwanza na ya juu baadaye, kwa sababu rejista moja haiwezi kushika namba inayozidi 65535, yaani wati 655.35. Anayesoma ya chini peke yake haoni tatizo lolote kwenye mfumo mdogo. Kwenye mfumo wa volti 24 wenye paneli za wati 1000, grafu yake itapanda vizuri asubuhi, ifike 655, kisha ianguke hadi karibu sifuri jua likiwa kali. Kontrola ikichaji kwa wati 807, rejista ya chini itaonyesha 151.64. Ukiona shimo la namna hiyo mchana kweupe, lenye kingo zilizosimama wima, usipande juu ya paa kutafuta kivuli. Tafuta rejista ya pili.

RS-485 ina nguvu mbili ambazo VE.Direct haina. Ya kwanza ni umbali. Kebo za VE.Direct huuzwa hadi mita 10, na laini yake ya volti chache haikubuniwa kwa safari ndefu karibu na inveta inayopiga kelele ya umeme. RS-485 hutuma tofauti ya volti kati ya waya mbili zilizosokotana, kwa hiyo kelele inayoziingia zote kwa pamoja inafutika. Mita 50 kutoka chumba cha betri hadi chumba cha kompyuta si tatizo. Ya pili ni kwamba kontrola kadhaa zinaweza kushiriki waya mmoja, mradi kila moja ipewe namba yake. Zikitoka kiwandani zote zikiwa namba 1 na ukaziunganisha hivyo hivyo, zitajibu kwa pamoja na hutaelewa hata neno.

Udhaifu wake ni kwamba mwulizaji lazima awe mmoja. Ukigawa tundu ili kioo cha mbali na kompyuta vikae pamoja, vyote viwili vitauliza, maswali yatagongana, na programu itatoa makosa ya ukaguzi mara kwa mara. Chomoa kioo ukitaka kujua kama ndicho chanzo. Jambo la pili ni la usalama: waya huo huo wa kusoma unaweza kuandika. Mpangilio wa volti za kuchaji uko kwenye rejista zinazoandikika kuanzia `0x9000`. Programu ya dashibodi isiwe na amri yoyote ya kuandika, hata ile ya majaribio uliyokusudia kuifuta baadaye.

Kukiwa na ukimya kamili, badilisha A na B kwanza. Watengenezaji wa adapta hawakubaliani juu ya ipi ni ipi, na kuzigeuza hakuharibu kitu. Ukimya ukiendelea na unatumia kebo rasmi ya USB kwenye Linux, angalia jina la porti. Baadhi ya kebo hizo zina chipu ya XR21V1410, na Linux ikiishika kwa draiva ya jumla inaonekana kama `/dev/ttyACM0`: porti inafunguka vizuri, maswali yanaondoka, majibu hayarudi. Inahitaji draiva yake maalumu, ambayo kernel mpya zinayo kwa jina `xr_serial`. Njia fupi ni kutumia adapta ya kawaida ya RS-485 inayobadilisha mwelekeo yenyewe. Kwa upande wa ESP32, chagua moduli ya MAX3485 ya volti 3.3, maana MAX485 ya kawaida hufanya kazi kwa volti 5 na kurudisha volti 5 kwenye pini isiyozitaka.

Kwa kuweka mambo uso kwa uso:

| Jambo | VE.Direct | Modbus juu ya RS-485 |
|---|---|---|
| Nani anaanza | Kontrola, kila sekunde | Msomaji |
| Waya za kutosha | 2 | 3 |
| Umbali | Hadi mita 10 | Makumi ya mita bila shida |
| Kontrola nyingi | Tundu moja kwa kila moja | Waya mmoja, namba tofauti |
| Hatari ya kubadilisha mpangilio | Hakuna, usipounganisha pini ya kupokea | Ipo |
| Kosa la kawaida | Kusoma mstari kwa mstari | A na B kugeuzwa, rejista ya pili kusahauliwa |

Kama bado hujanunua kontrola, umbali na idadi ndiyo viamue. Kontrola moja karibu na msomaji: VE.Direct ina usumbufu mdogo. Kontrola tatu katika jengo jingine: RS-485. Kama tayari unayo, usiibadilishe kwa sababu ya dashibodi. Zote mbili zinasomeka vizuri. Lakini hakikisha kwanza ni ipi uliyo nayo, kwa sababu umbo la tundu halikuambii. Kuna kontrola, kama Renogy Rover, zinazotumia tundu linalofanana na la simu ya mezani lakini ndani yake ni RS-232, ambayo hushuka chini ya sifuri na inaweza kuua pini ya ESP32 mara moja. Hiyo hupitia chipu ya MAX3232 kwanza.

Hasi ambayo inaweza kubeba mkondo wote

Hili linagusa pande zote mbili. Pini ya hasi ya tundu la mawasiliano mara nyingi imeungana ndani na hasi ya betri. Msomaji wako naye anapata umeme kutoka betri hiyo hiyo kupitia kigeuzi cha volti kisichotenganisha pande. Maana yake kuna njia mbili za hasi kutoka kontrola hadi betri: waya mnene, na waya mwembamba wa data. Siku skrubu ya waya mnene ikilegea, ampea 30 za kuchaji zitatafuta njia ya kurudi kupitia waya wa data, na kitakachoungua ni kebo, adapta, au porti ya USB ya kompyuta.

Tiba ni adapta iliyotenganishwa kwa umeme, ambamo data hupita bila shaba kuungana. Kebo rasmi ya VE.Direct kwenda USB imetenganishwa, na hiyo ndiyo sababu bora ya kuinunua badala ya kujitengenezea kwa adapta ya kawaida. Kwa RS-485 tafuta adapta iliyoandikwa hivyo waziwazi. Katika mradi huu wote, ukiwa na fedha ya kuboresha kitu kimoja tu, iweke hapa.

ESP32 au kompyuta ndogo

Chukulia mfumo wa volti 24 wenye betri ya lithiamu fosfati ya seli 8, ampea-saa 100. Ndani yake kuna takriban wati-saa 2560. Raspberry Pi 4 isiyo na kazi nzito inatumia wati 3 hadi 4. Kwa 3.5, siku nzima ni wati-saa 84, na kigeuzi cha volti chenye ufanisi wa asilimia 85 kinazifanya kuwa karibu 99. Hiyo ni asilimia 4 ya betri kila siku. Siku tatu za mawingu mazito, asilimia 12 imeliwa na kifaa kinachokuonyesha jinsi betri inavyopungua. ESP32 iliyo kwenye waifai muda wote hutumia karibu nusu wati. Hata ukiihesabia wati-saa 20 kwa siku pamoja na upotevu wa kigeuzi, haifiki asilimia 1.

Kwa upande wa urahisi, mambo yanageuka kulingana na kontrola. ESPHome, mfumo wa kuandalia programu za ESP32, ina sehemu ya Modbus ndani yake, kwa hiyo kusoma Tracer kwa ESP32 ni kuandika orodha ya rejista:

```yaml
sensor:
  - platform: modbus_controller
    modbus_controller_id: kontrola
    name: "Nguvu ya kuchaji"
    register_type: read
    address: 0x3106
    value_type: U_DWORD_R
    unit_of_measurement: "W"
    filters:
      - multiply: 0.01
```

Aina ya `U_DWORD_R` ndiyo inayosema namba imekaa kwenye rejista mbili na ya chini imetangulia. Ukiandika `U_DWORD` bila herufi ya mwisho, utapata mamilioni ya wati. VE.Direct kwenye ESPHome inahitaji kipande cha nje kilichoandikwa na wengine, ambacho kinafanya kazi lakini kinaweza kuachwa nyuma toleo jipya likitoka. Kwenye kompyuta ndogo, Python hapo juu inatosha kwa zote mbili.

Kompyuta ndogo inashinda mahali pamoja: inahifadhi. Waifai ikikatika, ESP32 inapoteza vipimo vya muda huo isipokuwa umeiandalia kumbukumbu, wakati kompyuta iliyo kando ya kontrola inaendelea kuandika kwenye diski yake. Lakini diski hiyo mara nyingi ni kadi ya SD, na kadi hizo zinaharibika kwa kuandikwa mno na kwa umeme kukatika ghafla. Usiandike kila sekunde. Sekunde moja ni mistari 86,400 kwa siku. Kila sekunde 10 ni 8,640, na hakuna kinachotokea kwenye betri ambacho sekunde 10 zitakuficha, ukiacha mruko wa kuwasha mota.

Maoni yetu: kama nyumba tayari ina kompyuta inayowaka muda wote kwa kazi nyingine, weka ESP32 kwenye kontrola na hifadhidata kwenye kompyuta hiyo. Kama mfumo uko peke yake mbali na mtandao, weka kompyuta ndogo, ila chagua iliyo nyepesi kama Pi Zero 2 W, na uihesabu kama mzigo halisi.

Umeme wa msomaji uchukue wapi? Si kwenye matundu ya mzigo ya kontrola. Kontrola huyakata betri ikishuka, na dashibodi inazimika saa ile ile unayoihitaji zaidi. Unganisha moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi ya ampea 2 karibu na betri yenyewe. Kwenye mfumo wa volti 24 angalia uwezo wa kigeuzi: moduli ndogo maarufu za MP1584 mwisho wake ni volti 28, na betri inayochajiwa huzipita. LM2596 inakubali hadi 40.

Namba ya betri: kontrola au shanti

Sasa swali lenyewe. Kontrola inajua kile inachokiingiza kwenye betri. Haijui kinachotoka, isipokuwa kile kinachopita kwenye matundu yake ya mzigo. Inveta karibu kila mara imefungwa moja kwa moja kwenye betri, kwa hiyo haionekani kabisa.

Rudi kwenye mfumo wetu. Ni saa saba mchana, kontrola inasukuma ampea 30 kwa volti 26.9, yaani wati 807. Inveta inavuta ampea 38. Dashibodi inayosoma kontrola peke yake inaonyesha "Inachaji, +30 A" kwa rangi ya kijani. Ukweli ni kwamba betri inapoteza ampea 8, na kwa saa moja itapoteza asilimia 8 ya uwezo wake. Hata rejista ya `0x331B`, inayoitwa mkondo wa betri, haikuokoi, kwa kuwa ni hesabu ya kuchaji kutoa matundu ya mzigo tu.

Asilimia ya chaji iliyo kwenye `0x311A` nayo inakadiriwa na kontrola, na kontrola haina ushahidi mwingine mkubwa zaidi ya volti. Kwa betri ya risasi na asidi iliyopumzika makadirio hayo yana maana fulani. Kwa lithiamu fosfati hayana: kati ya asilimia 40 na 70 volti ya kila seli karibu haisogei, na kuwasha pasi kunaishusha kuliko kupungua kwa chaji kwenyewe. Kuweka asilimia hiyo kwenye dashibodi kwa herufi kubwa ni kumdanganya anayeitazama.

Linganisha na shanti, kipande cha chuma chenye ukinzani mdogo unaojulikana, kinachokaa kwenye waya wa hasi wa betri. Kila kitu kinachoingia na kutoka kinapita humo. SmartShunt ya Victron ina tundu la VE.Direct, hivyo programu ile ile ya hapo juu inaisoma: `I` sasa ni mkondo halisi wenye alama ya kujumlisha au kutoa, `CE` ni ampea-saa zilizotumika kwa miliampea-saa, na `SOC` ni chaji kwa sehemu za elfu, kwa hiyo 876 ni asilimia 87.6. Haijali kontrola yako ni ya nani. Mchanganyiko mzuri sana ni Tracer kwa Modbus na shanti kwa VE.Direct, kila moja kwenye adapta yake. Hapo tumia majina ya `/dev/serial/by-id/` badala ya `/dev/ttyUSB0`, la sivyo baada ya kuwasha upya mfumo namba zinaweza kubadilishana. Adapta za bei nafuu zisizo na namba ya kipekee zitatofautishwa kwa `/dev/serial/by-path/`, yaani kwa tundu zilimochomekwa.

Shanti nayo ina sharti lake: hasi ya inveta, ya kontrola na ya kila mzigo lazima ziunganishwe upande wa mfumo, na upande wa betri pabaki waya wa betri peke yake. Waya mmoja ukiruka shanti, asilimia itateleza polepole siku hadi siku, na utalaumu betri.

Bila shanti dashibodi bado ina kazi: onyesha volti za betri, wati za paneli, hatua ya kuchaji na mavuno ya leo. Acha asilimia.

Dashibodi yenyewe

Hapa uchaguzi ni mwepesi kuliko watu wanavyoufanya. Home Assistant inafaa ukitaka namba za sasa kwenye simu na arifa betri ikishuka. InfluxDB pamoja na Grafana zinafaa ukitaka kulinganisha wiki hii na ile ya miezi sita iliyopita. Kati ya msomaji na dashibodi weka MQTT, njia ya kupitishia ujumbe, ili uweze kubadilisha upande mmoja bila kugusa mwingine.

Kosa la kuepuka katika zote ni namba iliyokufa. Kebo imechomoka saa nne usiku, dashibodi bado inaonyesha volti 26.4 asubuhi, na hakuna anayeshtuka kwa kuwa 26.4 ni namba ya kawaida. MQTT inalizidisha hili ikiwa ujumbe umetumwa kwa kuagizwa uhifadhiwe, maana hata dashibodi iliyowashwa upya hupokea namba ya jana kana kwamba imetoka sasa hivi. Usitume vipimo kwa agizo hilo. Kwenye Home Assistant weka `expire_after: 60` kwa kila kipimo cha MQTT, na kwenye Grafana usiruhusu grafu iunge pengo kwa mstari mnyoofu. Kwenye programu ya Python, Modbus isipojibu usitume thamani ya mwisho wala sifuri, usitume kitu. Sifuri ni kipimo, na itavuruga wastani wa siku nzima.

Ukimaliza kufunga, fanya majaribio mawili. Chomoa kebo ya data, na ndani ya dakika moja kipimo kiwe kimetoweka kwenye dashibodi. Kisha usiku, paneli zikiwa hazitoi kitu, washa mzigo mmoja unaoujua na ubane waya wa betri kwa mita ya kubana inayopima mkondo wa moja kwa moja. Mita ikisema ampea 12, shanti isome karibu na 12 yenye alama ya kutoa, na kontrola isome sifuri. Kama shanti inasoma 9, kuna mzigo ambao hasi yake imeunganishwa upande wa betri. Fuata nyaya moja baada ya nyingine mpaka ampea hizo 3 zipatikane.